Mashine ya kukausha hewa haijazi ndoo: gesi imeisha au chumba kina baridi?

WAFANYABIASHARA wanaohifadhi viatu, madaftari, nguo na bidhaa nyingine zinazoharibiwa na unyevu katika miji yenye baridi wanaweza kujikuta wanatupa fedha mara mbili: mara ya kwanza kwa kununua mashine ya kukausha hewa isiyofaa hali ya hewa ya kwao, na mara ya pili kwa kumlipa fundi atengeneze kitu ambacho hakijaharibika.

Hayo yalimkuta mfanyabiashara mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye alifungua tawi mjini Njombe kwa ajili ya kuuza viatu vya ngozi na madaftari ya shule. Katika stoo yake ya Kariakoo alikuwa na mashine ya kukausha hewa iliyoandikwa lita 20 kwa siku. Kijana wa stoo aliimwaga ndoo yake asubuhi na jioni, na kila mara ilikuwa na karibu lita 6. Mashine ilisifiwa na kila aliyeiona, kwani viatu havikuota kuvu tena na maboksi hayakulegea.

Mwezi Juni alipopeleka mzigo wa kwanza Njombe, tani mbili za madaftari pamoja na viatu, aliipakia mashine hiyo hiyo juu ya lori. Stoo mpya ilikuwa ya matofali, mita 6 kwa 8, na kimo cha mita 3. Siku ya kwanza mashine ilitoa lita 2. Siku ya pili hivyo hivyo. Baada ya wiki moja ukungu wa asubuhi ulikuwa unaonekana hata ndani ya stoo, madaftari ya boksi za chini yamepinda pembe, na viatu vyeusi vimeanza kuwa na unga mweupe kwenye mishono.

Aliitwa fundi friji. Fundi aligusa mabomba, akaiona barafu imeganda kwenye koili, akatoa hukumu. “Gesi imepungua, bosi. Safari imeitikisa.” Gesi ikaongezwa, fedha ikalipwa, na kesho yake ndoo ikawa na lita 2 zilezile. Tofauti pekee ni kwamba kompresa sasa ilikuwa inaunguruma kwa sauti nzito kuliko kawaida.

Mashine haikuwa na ugonjwa wowote kabla ya kufunguliwa. Kilichobadilika ni joto la chumba. Stoo ya Kariakoo ilikuwa na nyuzi 29 na unyevu wa hewa wa asilimia 70. Ile ya Njombe ilikuwa na nyuzi 12 na unyevu wa asilimia 85. Kwa anayesoma asilimia peke yake, Njombe ndiko kwenye maji mengi zaidi, na ndoo ingepaswa kujaa haraka zaidi. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Asilimia si lita

Asilimia ya unyevu haisemi hewa ina maji kiasi gani. Inasema hewa imefikia sehemu gani ya kiasi ambacho ingeweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya joto ni kama lori la tani kumi, na hewa ya baridi ni kama pikapu. Pikapu iliyojaa kwa asilimia 85 bado imebeba mzigo mdogo kuliko lori lililojaa kwa asilimia 70.

Kwa takwimu, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 29 inaweza kubeba karibu gramu 29 za mvuke wa maji. Ikiwa imejaa kwa asilimia 70, ina gramu 20. Hewa ya nyuzi 12 uwezo wake hauzidi gramu 11, na ikijaa kwa asilimia 85 inakuwa na gramu 9 tu. Stoo zote mbili zina ukubwa wa mita za ujazo 144. Ina maana hewa yote iliyo ndani ya stoo ya Kariakoo ina maji ya karibu lita 2.9, na hewa yote ya stoo ya Njombe ina maji ya lita 1.3.

Mwenye kusoma anaweza kushtuka: kama hewa yote ya Kariakoo ina lita 2.9, lita 12 za kila siku zilitoka wapi? Zilitoka nje. Mlango wa stoo ya Kariakoo unafunguliwa kutwa nzima, na kila unapofunguliwa hewa ya pwani yenye maji mengi inaingia kuchukua nafasi ya ile iliyokaushwa. Sehemu ya umeme uliolipiwa kule ilikuwa inakausha hewa ya mtaa. Ndoo iliyojaa ilimfurahisha mwenye mali, ingawa nusu ya furaha hiyo ilikuwa ni hasara.

Kule Njombe maji mengi hayakuwa hewani. Yalikuwa ndani ya bidhaa zenyewe. Karatasi hunyonya unyevu na kuutoa kufuatana na hewa inayoizunguka. Karatasi iliyokaa katika unyevu wa asilimia 85 ikihamishiwa katika unyevu wa asilimia 60, kila tani yake inaweza kutoa maji ya lita 40 hivi. Kwa tani mbili za madaftari, kuna lita 80 zilizofichwa ndani ya maboksi, ambazo jicho halizioni na mkono hauzigusi. Mashine inayotoa lita 2 kwa siku ingehitaji zaidi ya mwezi kuzimaliza, na hiyo ni kama hakuna tone jipya linaloingia mlangoni au kupanda kutoka sakafuni. Kwa hali hiyo isingemaliza kamwe.

Namna kompresa inavyokamua hewa

Mashine ya kompresa ni ndugu wa friji. Kompresa husukuma gesi kwenye koili mbili, moja ya baridi na nyingine ya joto. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwanza kwenye koili ya baridi, ambako mvuke hugeuka matone na kudondokea kwenye ndoo, kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Hewa hiyo hiyo hupita kisha kwenye koili ya joto na kurudi chumbani ikiwa kavu na yenye joto kidogo kuliko ilivyoingia.

Chupa ya soda hutoka jasho pale tu inapokuwa baridi kuliko kiwango fulani, ambacho wataalamu hukiita kiwango cha umande. Kwa hewa ya Kariakoo, yenye nyuzi 29 na asilimia 70, kiwango cha umande ni nyuzi 23. Chochote chenye baridi chini ya nyuzi 23 kitatoa matone. Koili ya mashine ndogo kwa kawaida hukaa nyuzi 15 hivi chini ya joto la chumba, yaani kama nyuzi 14 katika stoo hiyo. Iko chini sana ya kiwango cha umande, na iko juu sana ya kiwango cha kuganda. Hapo maji yanatiririka bila kizuizi.

Katika stoo ya nyuzi 12, kiwango cha umande ni kama nyuzi 9 na nusu. Koili ikishuka nyuzi 15 chini ya joto la chumba inafika chini ya sifuri. Mvuke ukiigusa hauwi maji, unakuwa barafu. Barafu haidondoki. Inajijenga kama utando mweupe, inaziba nafasi kati ya mapezi ya koili, hewa inashindwa kupita, na kadiri hewa inavyopungua ndivyo koili inavyozidi kuwa baridi na barafu kuongezeka.

Watengenezaji wanalijua tatizo hilo. Kwa hiyo mashine nyingi zina kifaa kinachoisimamisha kompresa kila baada ya muda na kuiacha feni ikiendelea ili hewa ya chumba iyeyushe barafu. Katika chumba cha nyuzi 20 kazi hiyo huchukua dakika chache. Katika chumba cha nyuzi 12 hewa yenyewe ni baridi, na barafu inayeyuka polepole. Mashine inajikuta inatumia sehemu kubwa ya saa kuyeyusha na sehemu ndogo kukamua. Zipo zilizoboreshwa, ambazo hupitisha gesi ya moto kwenye koili ya baridi kwa muda mfupi ili barafu ianguke haraka. Hizo huhimili baridi vizuri zaidi, lakini nazo haziwezi kuchukua hewani maji ambayo hayapo.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huchukulia nyuzi 15 kuwa mpaka. Juu yake kompresa inafanya kazi yake. Chini yake uwezo unaporomoka, na mashine ya lita 20 inaweza kutoa lita 2 au 3 bila kuwa na kasoro.

Chengachenga za boksi la viatu

Muuza viatu huyo alikuwa na jibu la tatizo lake mkononi kila siku bila kujua. Ndani ya kila boksi la viatu kuna kifuko kidogo chenye chengachenga zinazonyonya unyevu, silika jeli. Aina ya pili ya mashine ya kukausha hewa hutumia chengachenga za namna hiyo, au madini yanayofanana nazo yaitwayo zeolaiti, yakiwa yamepakwa kwenye gurudumu lenye vitundu vingi mithili ya sega la nyuki.

Gurudumu hilo huzunguka taratibu sana. Feni hupitisha hewa ya chumba kwenye sehemu kubwa ya gurudumu, na mvuke hunaswa humo. Sehemu iliyoshiba inapozunguka hufika mbele ya hita, ambako hewa ya moto huyafukuza maji yaliyonaswa, na sehemu hiyo hurudi kazini ikiwa kavu. Hewa ile ya moto iliyobeba maji mengi hupelekwa kwenye mirija inayopozwa na hewa ya kawaida ya chumba, na hapo mvuke hugeuka maji na kwenda kwenye ndoo.

Siri iko katika hatua hiyo ya mwisho. Hewa iliyotoka kwenye hita ina moto na imejaa mvuke kiasi kwamba hewa ya chumba, hata ile ya nyuzi 12, ni baridi ya kutosha kuifanya itoke jasho. Hakuna koili ya chini ya sifuri, hivyo hakuna barafu. Mashine ya aina hii huendelea kufanya kazi hadi karibu na kiwango cha kuganda, na nyingi za ukubwa wa nyumbani hutoa lita 6 hadi 8 kwa siku, chumba kiwe na nyuzi 10 au nyuzi 25. Mtu akizilinganisha dukani kwa kusoma vibandiko, hii ya lita 8 itaonekana dhaifu mbele ya ile ya lita 20. Stoo ya Njombe inasema kinyume.

Bei yake inalipwa kwenye mita ya umeme. Hita ni hita, haina huruma. Mashine ya gurudumu ya ukubwa huo hula wati 600 au zaidi, wakati ile ya kompresa hula wati 300 hadi 400. Kwa mfanyabiashara, swali la maana ni kila lita moja ya maji inagharimu umeme kiasi gani.

Ikichukuliwa bei ya mfano ya Sh. 350 kwa uniti, hesabu ya stoo hizo mbili inakuwa hivi. Kariakoo, kompresa ya wati 400 ilikula uniti 9.6 kwa siku na kutoa lita 12, yaani uniti 0.8 kwa lita, sawa na Sh. 280. Mashine ya gurudumu ya wati 650 ingekula uniti 15.6 na kutoa lita 8, karibu uniti 2 kwa lita, kiasi cha Sh. 680. Kwa pwani, anayenunua gurudumu anajitwisha gharama zaidi ya maradufu kwa kila lita, na juu ya hapo anaongeza joto katika stoo ambayo tayari ina joto.

Njombe mambo yanageuka. Kompresa ile, ikiwa inasimama na kuwaka kwa ajili ya barafu, ilikula uniti 7 kwa lita 2, yaani uniti 3.5 kwa lita, au Sh. 1,225. Mashine ya gurudumu iliyokuja kuletwa baadaye ilitoa lita 7 kwa uniti 15.6, karibu uniti 2.2 kwa lita, au Sh. 780. Takwimu hizi ni za stoo hizo na zitabadilika kwa nyingine, lakini mwelekeo wake haubadiliki: faida ya kompresa huyeyuka kadiri chumba kinavyopoa.

Joto la hita ambalo pwani ni kero, nyanda za juu linageuka msaada. Hewa ya nyuzi 12 yenye unyevu wa asilimia 85 ikipashwa moto hadi nyuzi 17 bila kuondolewa hata tone, unyevu wake unashuka hadi asilimia 63 hivi, kwa sababu pikapu imegeuka lori dogo. Si suluhisho la peke yake, kwani usiku joto likiondoka asilimia zinarudi palepale, na karatasi iliyopashwa moto nayo hutoa maji yake hewani. Lakini mashine inayopasha moto huku ikiondoa maji inapiga kwa mikono miwili.

Jambo moja lisisahaulike: kinachohesabika ni joto la chumba, si la mji. Chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu za viazi au maua kilichoko Dar es Salaam ni “Njombe” kwa mashine hiyo. Na stoo ya Njombe iliyo nyuma ya tanuri la mikate inaweza kuwa “Kariakoo”.

Lita za kibandiko

Mnunuzi anaposoma “lita 20 kwa siku” kwenye boksi, aulize lita hizo zilipimwa katika chumba cha namna gani. Watengenezaji wengi wa mashine za kompresa hupima kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo hewa ina gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Mashine za gurudumu mara nyingi hupimwa kwa nyuzi 20 na asilimia 60, ambako hewa haina hata nusu ya maji hayo. Kulinganisha namba hizo mbili ni sawa na kulinganisha debe la mahindi na kilo ya mchele.

Marekani ilitoa mfano mzuri wa uzito wa jambo hili. Mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilibadili kipimo cha mashine za kuhamishika, na joto la chumba cha kupimia likashushwa kutoka karibu nyuzi 27 hadi nyuzi 18, unyevu ukibaki asilimia 60. Mashine zilizokuwa zinauzwa kama za lita 33 kwa siku zikaandikwa lita 24 hivi. Hakuna kilichotolewa ndani yake. Ni nyuzi 9 tu za joto zilizoondolewa chumbani, na zaidi ya robo ya lita ikaondoka nazo. Kutoka nyuzi 18 kwenda 12 maporomoko ni makubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo barafu inapoanza.

Kumjua mgonjwa kabla ya kumtibu

Ndoo tupu ina maana zaidi ya moja, na maana ya kwanza ni njema: huenda hakuna cha kukamua. Stoo ikishafika asilimia 55 au 60, swichi ya unyevu huizima mashine, na maji machache ni dalili kwamba kazi imekwisha. Bila kipima unyevu, kifaa kidogo cha bei nafuu kinachosoma joto na asilimia, hakuna anayeweza kutofautisha mashine iliyomaliza kazi na mashine iliyoshindwa. Kuvu huhitaji unyevu wa asilimia 70 na zaidi kwa muda mrefu, hivyo namba ya kuangaliwa ni hiyo ya kwenye kipima unyevu. Ndoo huja baadaye.

Kama kipimo kinaonyesha asilimia 80 na ndoo haina kitu, joto lisomwe kabla ya fundi kuitwa. Likiwa chini ya nyuzi 15 na mashine ni ya kompresa, mtuhumiwa ameshapatikana. Ili kuwa na uhakika, mashine ibebwe ikiwa wima hadi kwenye chumba chenye joto na mvuke, jiko la nyumbani lenye sufuria inayochemka linatosha, mlango ufungwe, swichi iwekwe kwenye ukavu wa juu kabisa na iachwe kwa saa mbili. Mashine nzima ya lita 20 katika hali hiyo inapaswa kutoa lita moja au zaidi. Ikitoa, fundi asiguse gesi yake.

Ikishindwa hata jikoni, hapo kuna ugonjwa. La kwanza kutazamwa ni chujio la vumbi, kwa sababu chujio lililoziba hupunguza hewa na kuigandisha koili hata katika chumba cha joto. Mashine za stoo za nguo huziba haraka sana. La pili ni jinsi koili inavyoonekana baada ya dakika 20. Koili nzima ikitoka jasho, gesi ipo. Koili yote ikiwa na barafu sawasawa, tatizo ni baridi ya chumba au upungufu wa hewa. Lakini barafu ikionekana kwenye mikunjo michache ya mwanzo tu, pale mrija mwembamba unapoingilia, na sehemu iliyobaki ni kavu na haina baridi, hiyo ndiyo sura ya gesi pungufu. Fundi wa Njombe aliona barafu na hakuuliza imekaaje.

Kosa lake lilikuwa na madhara. Mashine hizi huwekewa gesi kwa gramu zilizopimwa, na kiasi chake huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Kuongeza kwa kukisia huipa kompresa mzigo isioumudu. Aidha, mashine nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R290, ambayo ni propani, jamaa wa gesi ya kupikia. Fundi asiyesoma kibandiko na kuwasha moto wa kuchomelea karibu na mabomba hayo anaweza kuunguza stoo na vilivyomo.

Mashine ya gurudumu nayo huugua, ila dalili zake ni rahisi. Hewa inayotoka iwe na joto la wazi kuliko inayoingia, nyuzi 10 hivi. Ikitoka baridi, hita imekufa, na bila hita gurudumu likishashiba halinyonyi tena. Ikitoka ya moto na bado hakuna maji, mota ya kuzungusha gurudumu au mkanda wake ndivyo vya kutazamwa. Mashine hii isichomolewe ukutani ghafla, kwa kuwa baada ya kuzimwa feni huendelea dakika chache ili kupoza hita. Katika maeneo ambako umeme unakatika mara kwa mara hilo halikwepeki, na ni moja ya sababu za kuchagua mahali pake kwa uangalifu, mbali na maboksi. Vilevile isiwekwe stoo moja na rangi, tina au gundi, kwani gurudumu hunasa mvuke wa vitu hivyo na kuharibika.

Kilichofanyika Njombe

Mfanyabiashara yule hakununua mashine mpya siku ileile. Kwanza alishauriwa na mwenzake wa Mbeya, muuza vitabu wa siku nyingi, afanye mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Maboksi yaliyokuwa yamelala juu ya sakafu ya saruji na kuegemea ukuta yaliinuliwa kwenye vichanja vya mbao, na nafasi ya shubiri moja ikaachwa ukutani. Kisha nafasi ya chini ya mlango, iliyokuwa inapitisha ukungu wa alfajiri, ikazibwa kwa mpira.

Baada ya hapo aliazima mashine ya gurudumu kwa majaribio. Wiki ya kwanza ilitoa lita 7 kila siku na kipima unyevu kikashuka kutoka asilimia 85 hadi 72. Wiki ya pili ilitoa lita 5 kwa siku. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu ndoo ilikuwa inapata lita 1 na nusu tu, na kijana wa stoo akapiga simu Dar es Salaam kwa wasiwasi.

“Mzee, hii nayo imeanza kufa. Maji hayatoki.”

“Kipimo kinasema ngapi?”

Kipimo kilisema asilimia 58, na joto la stoo lilikuwa limepanda hadi nyuzi 15. Karibu lita 100 zilikuwa zimeshatolewa. Madaftari ya katikati yalikuwa yamenyooka. Yale ya boksi za chini yaliyopinda hayakurudi, yakauzwa kwa bei ya kutupa, na jozi za viatu zilizoota kuvu zilisafishwa na kupakwa rangi upya kabla ya kurudishwa sokoni.

Alipoinunua mashine ile aliiwekea utaratibu wake: kuanzia Mei hadi Agosti inawashwa usiku na asubuhi, na swichi ya unyevu imewekwa asilimia 60 ili isichome umeme bure. Ile ya kompresa ilirudi Kariakoo kwa lori la viazi. Fundi wa huko aliitoa gesi yote, akapima upya kwa mizani kufuata gramu za kibandiko, na siku ya kwanza ikatoa lita 11. Safari hii mlango wa stoo umewekewa pazia la plastiki, na ndoo humwagwa mara moja kwa siku.